Shangazi, kisamvu huku napikaje? Barua kutoka Berlin

Hii barua nilimwandikia shangazi yangu wa Tanga, dada yake baba, yeye ndo alinifundisha kupika. Kusoma kwenye simu hapendi, herufi zinamchosha macho, kwa hiyo anasomewa na mwanawe wakiwa wamekaa barazani, ndo maana nimeandika vile ninavyoongea. Naiweka hapa kwa sababu Wabongo wenzangu wa huku wananiuliza mambo hayahaya kila tukikutana. Majibu yake alinitumia kwa voisi, nimeyaweka chini, pamoja na pale tulipobishana.

Shangazi shikamoo.

Habari za Ngamiani, habari za mguu, umeenda kuonyesha hospitali au bado unapaka mafuta ya karafuu? Mi mzima, masomo yanaenda, baridi imeshaanza na giza linaingia saa kumi jioni. Leo siombi hela, usiogope. Nataka unisaidie mambo ya jiko, na nina ombi moja kabla sijaanza. Nikikuuliza nitie nini badala ya kitu fulani, usinitajie kinachofanana nacho, niambie kile kitu kilikuwa kinafanya kazi gani ndani ya sufuria. Maana huku vinavyofanana kwa macho ndo vinaniangusha. Spinachi ya hapa ukiiona dukani utasema mchicha huo, ikiingia kwenye moto dakika mbili imeshakuwa maji matupu, rundo zima limebaki ngumi moja.

Nianze na nazi maana ndo kila kitu. Nazi nzima zipo, supamaketi wanaziuza moja moja, ila hujui imesafiri miezi mingapi. Naitikisa sikioni nisikie maji kama ulivyonionyesha, naangalia yale macho yake kama yana unyevu au ukungu, na bado naweza kuivunja nyumbani nikakuta ina harufu ya mafuta yaliyochacha. Na mbuzi sina, ningeomba mtu aniletee mbuzi ya kukunia kwenye ndege sijui watu wa usalama wangesema nini wakiona lile jino. Kwa hiyo nazi nzima nimeachana nayo, nimebaki na tui la kopo, nazi iliyokunwa ya barafu, na ile nazi kavu ya kwenye keki.

Kopo ndo rahisi, lipo kila duka, mililita 400, lakini shangazi makopo hayafanani hata kama picha ya nazi ni ileile. Nimezoea kuligeuza nisome nyuma. Kuna ambalo nazi ni asilimia 60 na kidogo na iliyobaki ni maji, kuna lenye asilimia 80 na kitu, na kuna lile wanaloandika laiti, hilo ni tui limeongezwa maji halafu unalipia maji. Kitu kingine ni zile namba, kama E412, huo ni unga wa mbegu fulani wanatia ili tui lisitengane koponi. Sasa likija kwenye mchuzi nalo halitaki kutengana. Wewe ulinifundisha mchuzi wa nazi ukiiva unaona mafuta yanapanda juu, yana rangi ya bizari, ndo unajua tayari. Hili la namba linabaki zito limeshikana sawasawa kama uji wa mgonjwa, nachemsha nasubiri mafuta yapande na hayapandi, mpaka samaki anamegeka. Kumbe mchuzi uliiva zamani ila alama niliyokuwa naitafuta haiwezi kuja.

Lile lisilo na kitu, nazi na maji tu, nimegundua ukiliweka friji usiku kucha bila kulitikisa, asubuhi juu pameganda kama siagi na chini kuna maji meupe. Ya juu naichota na kijiko naiweka kama kasimile, ya chini naifanya tui la pili. Swali langu ni hili, shangazi. Yale maji ya chini ni mepesi mno, hayana hata utamu wa lile tui letu la pili. Niyatumie hivyohivyo kuchemshia mboga, au nirudishe kasimile kidogo humo? Na kama ni kidogo, kidogo kiasi gani, maana wewe unapimia kiganja na kiganja chako nakijua mimi, msomaji wako hapo hakijui.

Ile ya barafu inatoka maduka ya Wahindi na Wasrilanka, paketi gramu 400, imekunwa vizuri kuliko hata ninavyokuna mimi. Naiyeyusha, naitia kwenye blenda na vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, nakamua kwa kitambaa maana kifumbu sina, halafu machicha nayarudisha na vikombe vingine viwili nakamua tena. Hii ndo inakaribia nyumbani, harufu inatoka kabisa. Ila kuna siku nilikamua na maji ya bomba nikapata maji yenye rangi ya maziwa basi, hamna mafuta. Rafiki yangu anayesoma kemia akaniambia mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Nikaelewa. Tanga chupa ya mafuta ya nazi inakaa maji karibu mwaka mzima, hapa yangu ni jiwe jikoni, na maji ya bomba ya huku mwezi wa kumi na mbili yanauma vidole. Mafuta yanagandia kwenye machicha na unayatupa nayo. Kwa hiyo maji yawe ya kuvumilika na mkono lakini moto wake uusikie. Ile kavu ya keki nayo inatoa tui, gramu 200 kwenye maji ya moto kama mililita 600, iloweke nusu saa kabla ya kusaga, ila uangalie haina sukari. Tui lake jepesi, kwenye maharage linafaa, kwenye samaki mi naona halitoshi.

Sasa mchuzi wenyewe wa samaki. Nguru wapo, usishangae, wamegandishwa vipande kwenye yaleyale maduka ya Wahindi, bei yake ndo inakufanya umkumbuke Mungu. Napika hivi, nisikilize uniambie nakosea wapi. Nusu kilo ya nguru, nampaka chumvi, thomu na ndimu, nakaanga juujuu. Kitunguu, nyanya, manjano, pilipili, navikaanga mpaka nyanya inapotea. Natia tui jepesi, bamia za barafu, linatokota. Halafu ukwaju. Halafu kasimile. Halafu samaki. Na hapo kwenye ukwaju na kasimile ndo tui linanikatikia, linakuwa na chembechembe kama maziwa yaliyoganda, ladha haijaharibika ila sura, shangazi, ni ya aibu, na nilikuwa na wageni.

Kuhusu ukwaju wenyewe nimepata wa aina mbili. Kuna wa Thailand, bonge limebanwa, halina mbegu nyingi, kipande cha kama gramu 50 nakiloweka kwenye kikombe cha maji moto nafikicha na kuchuja. Na kuna wa Kihindi wa kwenye kichupa, mweusi tii, mzito kama lami, kijiko kimoja cha chai tu ule mchuzi unakuwa mweusi na uchachu wake umeungua hivi, kama umechemshwa kwa siku. Mi nachukua wa bonge. Pale Sonnenallee kwenye maduka ya Waarabu kuna chupa za ukwaju pia lakini hizo ni sharubati, zina sukari, usije ukamwagia samaki. Na ndimu! Ndimu zetu ndogondogo zenye mbegu sizioni. Zipo kubwa za kijani zisizo na mbegu, maji mengi, harufu kidogo. Limau ndo zimejaa. Nikikosa zile za kijani nitie limau au niache?

Na embe mbichi. Lile embe unalolikata vipande na kokwa lake unatia kwenye mchuzi wa papa mkavu. Embe za huku zinauzwa nusu mbivu, si chachu si tamu, zimechanganyikiwa. Kuna mmea wa hapa wanauita rabarba, unakuja sokoni mwezi wa nne mpaka wa sita, ni mabua mekundu marefu, wao wanatengenezea keki. Ni mchachu haswa, uleule uchachu wa embe bichi unaokaza meno. Nimejaribu, uchachu umekaa sawa ila ukiutia mapema unasambaratika wote unakuwa nyuzinyuzi, embe linabaki na umbo lake. Majani yake ni sumu, yanatupwa, mabua tu ndo yanaliwa. Unaonaje, hiyo inaingia kwenye kazi ya embe au nikae na ukwaju mwaka mzima?

Haya, kisamvu. Hapa ndo hasa nilitaka kufika.

Kisamvu kipo Berlin. Kipo Wedding kwenye maduka ya Waafrika, cha barafu, kimeshatwangwa, paketi imeandikwa saka-saka au pondu maana watu wake wakubwa ni Wakongo. Mama mmoja wa Bukavu alinikuta nimelishika lile paketi nalisoma, akaniambia kwa Kiswahili chao "hiyo ni sombe, dada," nikacheka kwa furaha, tukaongea pale kwenye friji mpaka mikono ikafa ganzi. Yeye anakipika na mawese na samaki mkavu, sisi nazi, tukakubaliana kila mtu abaki na chake. Ila aliniambia kitu nikakifuatilia. Alisema kilichoandikwa kimetwangwa si lazima kiwe kimechemshwa, kwa hiyo usikitie tui moja kwa moja ukadhani ni mboga ya dakika kumi.

Nikakumbuka wewe ulivyokuwa unatufukuza tusionje kisamvu kabla hakijaiva. Jani la muhogo lina kitu ndani yake ambacho jani likipondwa kinavunjika na kutoa sumu ya sianidi. Kule kutwanga kinuni ndo kunaifungulia, kisha ukichemsha sufuria wazi inaondoka na mvuke. Ndo maana jani lisilotwangwa vizuri, limekatwakatwa tu na kisu, ni baya kuliko lililotwangwa, na ndo maana hulifuniki. Siku zote nilidhani unaacha wazi ili maji yakauke haraka! Kwa hiyo sasa paketi la nusu kilo nalichemsha na maji mengi, bila chumvi bila tui, sufuria wazi, saa nzima na zaidi, nikiona maji yanaisha naongeza ya moto. Dirisha nafungua hata kama nje kuna theluji. Alama yangu ni ile rangi, kijani kikali kinageuka kijani cha kiza kama cha jeshi, na ukibana kati ya vidole hakikwaruzi. Hapo ndo naingiza tui la pili.

Tatizo ni kwamba kisamvu si kila wiki kipo, Wedding ni mbali na kwangu, na mzigo ukifika Wakongo wanachukua wote, sipo kwenye zile habari zao. Kwa hiyo nataka mboga ya katikati ya wiki. Huku kuna sukuma wiki ya kukunjamana, ya baridi, wanaipika wao na soseji, msimu wake kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili, na ya barafu iliyokatwakatwa ipo mwaka mzima na ni rahisi. Nimeichagua hii na si spinachi kwa sababu moja tu, inavumilia moto. Unaweza kuipika dakika 40 na bado inashika tui, kazi ya kisamvu si ni hiyo, kushika tui na karanga bila kuachia maji? Lakini ina harufu ya kabichi ambayo inapigana na nazi. Na kile kiuchungu cha mbali cha kisamvu haina. Nitoeje harufu, na kiuchungu nikitoe wapi? Nyanya chungu ziko mara mojamoja kwa maduka ya Waghana, zile nyeupe, lakini siwezi kuzitegemea.

Karanga hazina shida. Siagi ya karanga ipo, cha kuangalia ni iandikwe karanga tupu, maana nyingi zina sukari na mafuta mengine. Vijiko vitatu vya kulia kwa nusu kilo ya mboga, naiyeyusha kwanza kwenye bakuli na tui la moto isije ikashika mabonge.

Mlenda nao nimeupata kwa njia ya ajabu, nikuambie tu maana huu hauna swali. Wamisri wana mboga yao wanaiita mulukhiya, ipo ya barafu kwenye kila friji la Sonnenallee, paketi gramu 400. Nikaipika, shangazi, ikavutika. Ni mlenda! Ni mmea uleule tunaouchuma sisi, wao wanaukatakata mdogomdogo na kuupika na mchuzi wa kuku na thomu nyingi. Kwa hiyo mlenda nakula kuliko hata nilivyokuwa nakula nyumbani.

Cha mwisho cha kuuliza ni maharage. Maharage yangu hayaivi. Nayaloweka usiku kucha, nayachemsha masaa mawili na nusu, ganda limelainika ndani bado kuna ugumu wa chokaa. Mwanzo nilidhani ni maharage ya zamani, nikabadilisha duka, yaleyale. Kisha nikaangalia birika langu la umeme, ndani limejaa ukoko mweupe, kila mtu Berlin birika lake liko hivyo, maji ya mji huu yana chokaa nyingi. Yule wa kemia akaniambia ile chokaa ndo inakamatana na gundi inayoshikilia ganda na nyama ya harage, inaikaza isiyeyuke. Nyumbani ungetia magadi. Magadi sina. Nina baking soda, ile ya mandazi, na nasikia ni ndugu yake ila ni mpole zaidi. Nitie kiasi gani, na niitie kwenye maji ya kulowekea au ya kuchemshia? Naogopa ile ladha ya sabuni. Na ile kwamba nisitie chumvi mapema, ni kweli au ni mazoea?

Nisalimie wote. Usisahau kuonyesha mguu.

Sasa majibu. Alituma voisi usiku wa manane wa huku, nyingine ndefu mpaka unasikia muadhini wa alfajiri nyuma yake.

Kwenye tui alinikata mapema. Akasema tatizo langu si kopo, tatizo naweka ukwaju na kasimile kwa wakati mmoja na moto mkubwa. Ukwaju unaingia kwenye masala, kabla ya tui lolote, unakaangika na nyanya mpaka ukali uishe. Kisha tui jepesi, samaki anaivia humo. Kasimile ni ya mwisho kabisa, moto umeshushwa, sufuria wazi, unakoroga taratibu na ukiona linapiga povu la kwanza pembeni unaepua. "Kasimile halichemshwi, mama, linapashwa." Akasisitiza nikoroge upande mmoja tu. Mi sidhani upande una maana, nadhani maana ni kule kukoroga bila kuacha ili pasiwe na sehemu inayochemka peke yake, lakini kumbishia shangazi juu ya mwiko sina ubavu huo, nakoroga upande mmoja.

Kuhusu kopo akasema kuweka friji ni usumbufu. Chukua kopo moja zuri, lile la asilimia 80. Robo yake changanya na vikombe viwili vya maji ya moto, hilo ni tui la pili lenye uhai, robo tatu zilizobaki ndo kasimile yako. Nimefanya hivyo na nguru, mchuzi haukukatika, mafuta yalipanda. Kwa kopo lenye namba, alisema sawa litumie kwenye maharage, huko hakuna anayesubiri mafuta.

Limau akakubali kwa kuoshea samaki tu, kwenye mchuzi akakataa, akasema ukikosa ndimu ongeza ukwaju. Rabarba alimfanya acheke, akataka picha. Nilipomtumia akauliza inachemka muda gani, nikamwambia dakika tano imekwisha. Basi itie dakika tano za mwisho, akasema, kabla ya kasimile, na ukitia hiyo ukwaju punguza nusu. Ila kwa papa mkavu alikataa, anasema lile embe pale halipo kwa uchachu tu, linakunywa chumvi ya papa na wewe unalila kama kipande cha mboga, hiyo fimbo yako italika vipi na imeshayeyuka. Nilikuwa sijawahi kuliwaza hivyo. Kwa hiyo kwenye papa alinipa biringanya iliyokatwa vipande vinene ichukue chumvi, na ukwaju kwa uchachu, yaani kitu kimoja nyumbani kimegawanywa kuwa viwili huku.

Sukuma wiki ya kukunjamana alinipa utaratibu ambao sasa naufuata neno kwa neno. Chemsha maji yabubujike, zamisha majani dakika tatu, mwaga maji yote, harufu ya kabichi inaondoka nayo. Kamua. Katakata mdogo sana, mdogo kuliko unavyodhani inatosha, kisha ponda kidogo hata kwa chupa. Kitunguu, tui la pili kikombe kimoja na nusu, pika wazi mpaka likauke kabisa usikie inaanza kuchachatika chini. Hapo karanga zilizoyeyushwa, dakika kumi. Kasimile, epua. Kiuchungu akasema nisikitafute kwenye majani, nikate nyanya chungu nikizipata, nisipozipata basi niachie pale. "Pika hiyo iwe nzuri kwa jina lake." Na akataka nimpe namba ya mama wa Bukavu, anataka kujua mawese yanaingia saa ngapi.

Kwenye maharage ndo tulibishana. Soda alikubali, robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo, kwenye maji ya kulowekea, na maji hayo yamwagwe asubuhi, harage lisuuzwe, lichemshwe kwa maji mengine. Nikamwongezea kwamba hayo ya kuchemshia nayachemsha kwanza peke yake, nayaacha yatulie, namimina ya juu, chokaa nyingi inabaki chini. Imesaidia, yanaiva ndani ya saa moja na robo hivi. Lakini chumvi hataki kusikia. Mi nimejaribu na chumvi tangu mwanzo na yaliiva vilevile, kinachoyagandisha ni nyanya na ukwaju, vitu vichachu, hivyo kweli visiingie mpaka harage libonyezeke. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo kwenye simu halafu akasema chumvi ya Ulaya labda si kali.

Mwisho akaniuliza anitumie nini, kuna dada wa mtaani kwetu anakuja mwezi ujao. Nikamweleza sheria za Umoja wa Ulaya kwa abiria anayetoka nje, maana watu wanapoteza mizigo uwanjani bure. Nyama na maziwa hata kidogo haviruhusiwi, kwa hiyo samli isahau. Matunda na mboga mbichi vinataka cheti cha ukaguzi wa mimea, ndimu na embe zitatupwa, ila kuna matano yaliyosamehewa, nazi, ndizi, nanasi, tende na lile doriani la watu wa Asia. Samaki wa kula mwenyewe unaruhusiwa mpaka kilo 20, na mkavu yumo. Aliposikia kilo 20 za samaki akaanza kutaja ng'onda, papa, dagaa, nikamzuia, yule dada naye ana mzigo wake. Tumekubaliana nazi nne zilizokomaa, magadi kidogo kwenye kikaratasi, na ng'onda kilo mbili wafungwe mara tatu kwenye nailoni kwa sababu begi hilohilo lina nguo za harusi.